Sura ya Sita: Barua kwa Wazazi wa Kidato cha Pili

Mwisho wa muhula mzazi hupokea karatasi ya matokeo. Kwenye mstari wa Baiolojia pameandikwa 42, mbele yake herufi D, na pembeni maoni ya mwalimu: "Aongeze bidii." Mzazi anamwita mtoto, anamuuliza kulikoni, mtoto anainamisha kichwa na kuahidi kusoma zaidi. Mazungumzo yanaishia hapo kwa sababu hakuna kati yao anayejua ile 42 imetoka wapi. Huenda mtoto hakuelewa somo. Huenda alielewa lakini hakuandika kama inavyotakiwa. Huenda alifanya vizuri maabara akaanguka kwenye mtihani wa kuandika, au kinyume chake. Karatasi ya matokeo haisemi.

Barua ninayoizungumzia katika sura hii inatangulia karatasi hiyo. Mwalimu wa Baiolojia huiandika wiki ambayo mada inaanza, anamkabidhi kila mwanafunzi nakala, na kuomba irudi na sahihi ya mzazi. Inaeleza mambo mawili makuu: mtoto atajifunza nini, na alama zake zitapatikana vipi. Nimechukua mada ya Lishe, ambayo kwa miaka mingi imefundishwa Kidato cha Pili katika shule za sekondari Tanzania. Mada hii inamfaa mzazi ambaye hakuwahi kuingia maabara, kwa sababu vitu vyake vingi viko jikoni kwake. Pia vitendo vyake havimalizikii Kidato cha Pili. Vipimo vya chakula ni miongoni mwa maswali yanayozoeleka katika mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne.

Nitaipitia barua yenyewe kipande kwa kipande, nikieleza kila sehemu imekusudia nini.

Mtoto atajifunza nini

> Ndugu Mzazi/Mlezi,
>
> YAH: MADA YA LISHE, SOMO LA BAIOLOJIA, KIDATO CHA PILI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kuanzia wiki hii tunaanza mada ya Lishe, ambayo itachukua wiki nane za muhula huu. Wiki mbili za mwanzo tutajifunza virutubisho: wanga, protini, mafuta, vitamini na madini, kazi ya kila kimoja, na magonjwa yanayompata mtu anayekikosa. Wiki ya tatu na ya nne tutakuwa maabara tukipima virutubisho katika vyakula. Wiki ya tano na ya sita tutafuata safari ya chakula mwilini, kuanzia mdomoni hadi utumbo mpana. Wiki ya saba tutaangalia jinsi mimea inavyojitengenezea chakula. Wiki ya nane tutajifunza kuhifadhi chakula, kisha tutafanya marudio.

Mpangilio huu una sababu, na mzazi akiijua atamfuatilia mtoto vizuri zaidi. Virutubisho vinatangulia kwa sababu kila kinachofuata kinavitegemea. Mtoto asiyejua kwamba ugali ni wanga na maharage yana protini hawezi kuelewa kwa nini mmeng'enyo wa ugali unaanza mdomoni ilhali wa maharage unasubiri tumboni. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Protini huanza kuvunjwa tumboni, penye asidi. Kwa hiyo mtoto aliyekosa wiki mbili za mwanzo kwa ugonjwa au kwa kurudishwa nyumbani atababaika hadi wiki ya sita, na hatajua kinachombabaisha. Mwalimu akiandika ratiba hii, mzazi anaweza kusema: "Mwanangu hakuwepo wiki ya pili, naomba apewe alichokosa." Ombi la namna hiyo linajibika. Ombi la "msaidie mtoto wangu" mwalimu hajui aanzie wapi kulijibu.

Kipande cha magonjwa ya lishe nacho kinahitaji uangalifu, kwa kuwa kinagusa maisha ya watu. Darasani wanafunzi watajifunza kwamba kukosa protini kwa muda mrefu huleta kwashakoo kwa watoto wadogo, kwamba kukosa vitamini C huleta kiseyeye, na kwamba upungufu wa madini ya joto huvimbisha tezi ya shingo na kuleta rovu, ugonjwa uliozoeleka zamani katika nyanda za juu kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Mtoto anaweza kurudi nyumbani akaanza kukagua sahani za familia. Barua inamwandaa mzazi kwa sentensi mbili:

> Mtoto akiuliza kwa nini nyumbani tunakula tunavyokula, tafadhali mjibuni kwa uwazi. Dagaa, maharage, kunde na karanga ni vyanzo vizuri vya protini, na mtihani hautofautishi protini ya dagaa na ya nyama.

Niliona umuhimu wa sentensi hizi kwa sababu wanafunzi wengi huamini kwamba "mlo kamili" ni mlo wa tajiri. Wanapoulizwa kutaja mfano wa mlo kamili wanaandika kuku, jibini na tufaha, vitu ambavyo baadhi yao hawavili kabisa, halafu wanashindwa kueleza kila kimoja kinatoa kirutubisho gani. Mwanafunzi anayeandika ugali, dagaa, mchicha na papai, kisha akaeleza kila kimoja kimeleta nini, anapata alama zote.

Kinachofanyika maabara

> Vipimo tutakavyofanya ni vinne. Wanga hupimwa kwa iodini, sukari kwa myeyusho wa Benedikti, protini kwa kostiki soda na mrututu, na mafuta kwa rangi iitwayo Sudani ya Tatu. Kila mwanafunzi atapewa sampuli asiyoijua na atatakiwa kugundua ina virutubisho gani. Kazi hii ina alama 20.

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, kwa sababu majina ya kemikali yanatisha. Lakini wazo lenyewe halihitaji kemia. Kila kipimo kina rangi yake, na kirutubisho kimoja maalumu kikiwepo huigeuza rangi hiyo au huichukua. Iodini ni kahawia yenye unjano. Ikikutana na wanga inakuwa buluu iliyokolea karibu na weusi. Myeyusho wa Benedikti ni wa buluu. Ukichemshwa pamoja na sukari ya aina fulani unageuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya chungwa, na sukari ikiwa nyingi unafikia wekundu wa matofali. Mchanganyiko wenye protini, ukitiwa kostiki soda kidogo na baadaye matone machache ya mrututu, unageuka zambarau. Sudani ya Tatu ni nyekundu na huyeyuka ndani ya mafuta, kwa hiyo tabaka la mafuta linaloelea juu linakuwa jekundu.

Nimesema "sukari ya aina fulani" kwa makusudi, na suala hili ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi. Sukari tunayotia kwenye chai haibadilishi myeyusho wa Benedikti hata ukiuchemsha. Glukosi inaubadilisha, na laktosi iliyomo kwenye maziwa inaubadilisha. Sukari ya chai ni lazima kwanza ichemshwe na asidi hafifu ili ivunjike, kisha asidi hiyo iondolewe nguvu, ndipo kipimo kifanye kazi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba "sukari ipo" ameandika jambo pana kuliko alichokithibitisha. Anatakiwa kutaja ni sukari ya kundi lipi.

Kila kipimo pia kina namna yake ya kudanganya, na mwalimu anayesahihisha huitambua. Asiyechemsha mchanganyiko wa Benedikti anabaki na buluu na kudai hakuna sukari. Anayemimina mrututu mwingi kwenye kipimo cha protini anapata buluu inayofunika zambarau. Anayetia iodini kwenye uji wa moto sana anaweza asione weusi wowote. Uji ukipoa, rangi inarudi. Mwanafunzi mwenye majibu yaliyopotoka kwa njia hizi anaijua mada, ila mkono wake umeruka hatua, na dawa yake ni kurudia kipimo polepole. Kumpa kurasa zaidi za kusoma hakutamsaidia.

Sampuli K: jinsi alama 20 zinavyogawanywa

Sehemu hii ya barua ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ambayo walimu wengi huiacha. Mwalimu anamwonyesha mzazi mfano wa jinsi kazi ya maabara inavyosahihishwa.

> Mwanafunzi atajaza jedwali lenye safu nne: kinachopimwa, hatua alizofuata, alichokiona, na hitimisho. Kwa kila kipimo, hatua zina alama 2, alichokiona kina alama 1, na hitimisho lina alama 1. Vipimo vinne vinafanya alama 16. Alama 4 zilizobaki ni za maswali mafupi yanayohusisha majibu ya maabara na mwili wa binadamu.

Tuchukue sampuli inayoitwa K. Mwalimu amechanganya maziwa fresh na maji kidogo na kuyagawa kwenye testi tyubu. Yeye anajua ni maziwa. Mwanafunzi hatakiwi kukisia ni nini, anatakiwa kupima. Majibu sahihi ni haya: wanga haupo, sukari inayobadilisha Benedikti ipo, protini ipo, mafuta yapo.

Mwanafunzi mmoja wa mfano wetu anaanza na iodini. Anaweka maziwa kwenye testi tyubu, anadondosha iodini, anaona rangi ya iodini imebaki ilivyo bila kugeuka buluu wala nyeusi. Amefanya sawa. Kwenye safu ya hatua anaandika: "Niliweka iodini kwenye sampuli." Kwenye safu ya alichokiona anaandika: "Hakuna wanga." Kwenye hitimisho anaandika tena: "Wanga haupo."

Hatua zinampatia alama 1 kati ya 2, kwa kuwa hakutaja kiasi. Alitakiwa aseme alichukua mililita 2 za sampuli, akatia matone mawili au matatu ya iodini, akatikisa. Safu ya alichokiona inampa sifuri. Hakuna mtu anayeweza kuona "hakuna wanga" kwa macho. Macho huona rangi tu. Alitakiwa aandike kwamba rangi ya iodini haikubadilika. Hitimisho linampa alama 1. Kwa hiyo amepata 2 kati ya 4 katika kipimo ambacho mikono yake ilikifanya bila kosa.

Anakuja kwenye Benedikti. Anaweka kiasi sawa cha sampuli na myeyusho, anachemsha, anaona buluu ikigeuka kijani, njano, hadi rangi ya chungwa. Safari hii kilichoonekana anakiandika vizuri na kupata alama yake. Lakini kwenye hatua hakuandika kwamba alichemsha, ingawa alichemsha, hivyo anapata 1 kati ya 2. Kwenye hitimisho anaandika "sukari ipo," na kwa sababu niliyoieleza hapo juu alama hiyo inapotea. Hapo tena ana 2 kati ya 4.

Kwenye protini makosa ya iodini yanajirudia. Kostiki soda na mrututu ametaja, kiasi hakutaja. Kwenye safu ya alichokiona ameandika "protini ipo" badala ya kusema mchanganyiko uligeuka zambarau. Hitimisho lake ni sahihi. Anapata 2 kati ya 4. Kipimo cha mafuta hakukifikia, muda umekwisha: sifuri. Kwenye maswali mafupi ameweza kutaja tumbo kuwa ndipo protini huanza kumeng'enywa, lakini hakuweza kutaja kimeng'enya kinachohusika, pepsini, wala kujibu mengine. Anapata 1 kati ya 4. Jumla yake ni 7 kati ya 20.

Mzazi anayeona 7 kati ya 20 atadhani mtoto hajui kitu. Ukweli ni tofauti. Katika vipimo vitatu alivyovifikia amepoteza alama 6, na tano kati ya hizo ni za namna ya kuandika: kutotaja kiasi mara mbili, kutotaja kuchemsha mara moja, na kuchanganya kilichoonekana na hitimisho mara mbili. Moja tu ndiyo ya maarifa, ile ya aina ya sukari. Wasahihishaji hawazing'ang'anii alama hizi kwa ukali wa bure. Mtu mwingine akisoma hatua zisizo na vipimo hawezi kurudia kazi ile, na akisoma hitimisho kwenye nafasi ya kilichoonekana hana njia ya kukagua kama hitimisho ni la kweli. Muuguzi anayeandika "ana malaria" mahali pa kuandika joto la mwili ni 39 amemnyima daktari kitu anachokihitaji. Mwanafunzi aliyeandika "hakuna wanga" amefanya vivyo hivyo.

Jinsi 42 inavyoundwa

> Alama 100 za mada hii zitagawanywa hivi: mazoezi ya darasani na ya nyumbani 10, kazi ya maabara 20, jaribio la katikati ya muhula 20, na mtihani wa mwisho wa muhula 50. Karatasi ya matokeo itaonyesha alama zote nne, pamoja na jumla.

Kila shule ina mgawanyo wake, na mzazi anayo haki ya kuuliza wa shule yake. Kilicho muhimu ni sentensi ya mwisho: alama zote nne zionekane. Tazama watoto wawili wenye jumla moja.

Wa kwanza ni yule wa sampuli K. Ana 9 kati ya 10 za mazoezi, 7 kati ya 20 za maabara, 9 kati ya 20 za jaribio, na 17 kati ya 50 za mtihani. Jumla 42. Wa pili ana 4 za mazoezi, 15 za maabara, 8 za jaribio na 15 za mtihani. Jumla yake pia ni 42. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania katika mtihani wa Kidato cha Nne, ambavyo shule nyingi huvifuata, A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Wote wawili wana D.

Mtoto wa kwanza ana daftari safi na mazoezi yaliyokamilika. Lakini mazoezi yakimpa 9 kati ya 10 na mtihani ukampa 17 kati ya 50, mwalimu anapaswa kujiuliza nani aliyafanya mazoezi yale, au kama yalinakiliwa kitabuni bila kueleweka. Dawa yake ni kuulizwa maswali bila kitabu, na kufundishwa namna ya kujaza jedwali la maabara. Zile alama tano za uandishi peke yake zingempandisha kutoka 42 hadi 47, yaani kutoka D hadi C, bila kuongeza ukurasa mmoja wa kusoma.

Mtoto wa pili anaweza kazi. Mikono yake ni mizuri, macho yake yanaona, lakini mazoezi hayafanyi na kwenye karatasi ya maswali anashindwa. Hapa kuna jambo ambalo barua lazima iliseme wazi. Masomo ya sekondari nchini yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, isipokuwa machache. Mtoto aliyeona zambarau kwenye testi tyubu anaweza asijue kuiandika rangi hiyo kwa Kiingereza, na mtihani haumsubiri. Kwa hiyo barua inaeleza hivi:

> Njia ya kujua kama mtoto ameelewa ni kumwomba akueleze kwa Kiswahili. Akiweza kueleza kwa Kiswahili lakini hapati alama, tatizo ni lugha ya mtihani, na nitampa orodha ya maneno ya mada hii ayajifunze. Akishindwa hata kwa Kiswahili, hajaelewa somo, na nitamfundisha upya. Naomba mniandikie ni lipi kati ya haya mmeliona.

Mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kuifanya kazi hii kikamilifu. Hahitaji kujua jibu; anahitaji kusikia kama maelezo yana mwanzo, katikati na mwisho. Mtoto anayekariri atataja jina la kitu kwa Kiingereza na kunyamaza. Anayeelewa atasema kwanza alifanya nini, kisha aliona nini, na mwishoni hilo lina maana gani. Mpangilio huo ndio uleule wa safu za jedwali.

Kinachoweza kufanyika nyumbani, na kisichofaa

> Mwanafunzi atafanya zoezi moja nyumbani. Achukue ndizi tatu za aina moja: mbichi, inayoanza kuiva, na iliyoiva kabisa. Akate kipande cha kila moja, adondoshe tone la iodini ya vidonda iliyoongezwa maji, asubiri dakika moja, kisha aandike rangi aliyoiona kwenye kila kipande. Vipande hivyo visiliwe, wala visipewe mifugo.

Iodini ya kusafishia vidonda inapatikana duka la dawa, na chupa moja ndogo inatosha darasa zima. Ndizi mbichi itageuka buluu nyeusi. Inayoanza kuiva itakuwa na weusi mahali na rangi ya iodini mahali pengine. Iliyoiva kabisa itaonyesha weusi kidogo sana au isionyeshe kabisa. Sababu yake ni kwamba ndizi inapoiva, vimeng'enya vyake huvunja wanga kuwa sukari. Ndiyo maana ndizi mbichi haina utamu na iliyoiva inao. Mtoto aliyelifanya zoezi hili ana msingi wa kuelewa mmeng'enyo wa mate wiki ya tano, kwa sababu ni kazi ileile inayofanyika mdomoni mwake anapotafuna.

Zoezi hili pia lina mipaka yake, na barua ieleze hivyo ili mtoto asiandike zaidi ya alichokiona. Iodini inaonyesha wanga tu. Kufifia kwa weusi kwenye ndizi iliyoiva kunathibitisha kwamba wanga umepungua. Hakuthibitishi kwamba sukari imeongezeka. Kwa hilo anahitaji Benedikti, maabara. Mwanafunzi anayeandika "iodini imeonyesha sukari" atanyimwa alama hata kama sukari kweli imo.

Kipo kipimo kimoja ambacho barua inakataza kifanyike nyumbani: cha kutafuta wanga kwenye jani, wiki ya saba. Jani huchemshwa kwanza kwenye maji, kisha kwenye spiriti ili rangi ya kijani itoke, kisha huoshwa kwa maji ya vuguvugu ili lilainike, ndipo litiwe iodini. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, chini ya maji, na mvuke wake hushika moto haraka. Maabara chombo chenye spiriti huwekwa ndani ya maji yaliyokwisha kuchemka na moto ukazimwa. Hakiwekwi kamwe juu ya moto ulio wazi. Mtoto mwenye shauku anayejaribu hili jikoni, karibu na jiko la mkaa au la gesi, anaweza kuungua vibaya. Sentensi moja kwenye barua inatosha kumlinda, maana mzazi akiona spiriti mezani atajua aulize.

Kipande cha chini

Barua inamalizika kwa kipande cha kukata na kurudisha baada ya zoezi la ndizi, kabla ya kazi za maabara, chenye maswali matatu:

> 1. Mtoto wako amekosa wiki yoyote ya mada hii hadi sasa? Ipi?
> 2. Alipokueleza zoezi la ndizi kwa Kiswahili, alisema aliona nini, na alihitimisha nini?
> 3. Je, kuna chakula au hali ya kiafya ya mtoto ambayo mwalimu anapaswa kuijua kabla ya kazi za maabara?

Swali la tatu lipo kwa sababu ya sampuli. Vyakula vinavyozoeleka maabara ni maziwa, yai na karanga zilizosagwa, na wapo watoto ambao miili yao hupata shida kwa karanga au yai. Hata kama sampuli hailiwi, mwalimu akijua mapema atachagua maharage badala ya karanga, na mtoto atafanya kazi ileile kwa alama zilezile.

Swali la pili ndilo linalomsaidia mwalimu zaidi. Vipande vikirudi, anavipanga kwenye marundo mawili. Rundo moja ni la watoto waliotenganisha walichoona na walichohitimisha. Rundo jingine ni la waliosema tu "ndizi mbichi ina wanga." Hawa wa pili ndio watakaopoteza alama kwenye sampuli K, na mwalimu amewajua kabla hawajaingia maabara. Kipindi kimoja cha dakika 40 cha kujaza jedwali pamoja nao, kwa rangi ambazo wameziona wenyewe kwenye ndizi zao, kinaweza kuokoa alama ambazo baadaye hakuna maoni yoyote kwenye karatasi ya matokeo yangeweza kuzirudisha.

Shule isiyo na maabara inaweza kutuma barua hii pia. Kemikali tano na testi tyubu chache zinatosha kwa vipimo vyote, na shule ambazo hazina hata hizo bado zinaweza kutumia iodini ya duka la dawa na jedwali la safu nne. Mzazi wa mwanafunzi wa shule hiyo atajua mapema kwamba mtoto wake atakutana na Benedikti kwenye karatasi kabla ya kuiona kwa macho, na ana sababu ya kuuliza kwenye mkutano wa wazazi ni lini kemikali hizo zitanunuliwa.